Kubadilisha bakigraundi ya picha yenye pikseli chache: mwongozo kamili wa kuongea na mteja kabla hujagusa kazi

Kesi hii naletewa mara kwa mara na vijana wa studio na wa stesheneri. Mteja kaleta picha ya simu, kaomba ukuta wa nyuma utolewe iwekwe bustani, kijana kakesha anakata, na asubuhi mteja anaikataa: "Mbona ana ukungu? Mbona kama kabandikwa?" Kijana anaamini amekata vibaya, anakata upya, na matokeo ni yaleyale.

Mara nyingi kukata hakukuwa na kosa. Kosa lilitokea mezani, pale kazi ilipopokelewa bila picha kupimwa na bila mteja kuambiwa jambo moja: kubadilisha bakigraundi kunabadilisha kilicho nyuma ya mtu, na mtu mwenyewe anabaki na pikseli zilezile alizokuja nazo. Tena bakigraundi mpya ikiwa kali na safi, ule ukungu wa mtu ndio unaonekana zaidi.

Nitafuata kazi moja niliyoipokea Morogoro, mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja alikuja na picha ya marehemu mumewe, imepigwa kwenye harusi ya mpwa wao, amesimama katikati ya ndugu mbele ya ukuta wa kijani. Alitaka wengine waondolewe, ukuta uondolewe, awekwe kwenye mandhari ya anga na bustani, kisha picha ichapwe sentimita 60 kwa 90 kwa ajili ya arobaini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mteja hajakaa

- Kompyuta yenye Photoshop au GIMP. Simu peke yake haitoshi kupima.
- Rula ya sentimita, na kikokotoo.
- Printa ya kawaida ya A4. Ya rangi ni bora, lakini hata nyeusi na nyeupe itafanya kazi.
- Karatasi tatu au nne za A4.
- Waya wa USB wa kuhamishia picha kutoka kwenye simu ya mteja.
- Daftari la oda lenye nafasi ya maelezo na sahihi.
- Dakika ishirini. Kama huna dakika hizo, mwambie mteja arudi jioni.

## Hatua ya 1: Tafuta picha ya asili kabla ya kusema lolote

Usijibu "inawezekana" wala "haiwezekani" kwa kuangalia skrini ya simu. Skrini ya simu ni ndogo, na karibu kila picha inapendeza humo. Mteja akishakusikia unasema "hiyo ndogo tu", maelezo yote utakayotoa baadaye atayaona ni visingizio.

Anza na jina la faili. Kwenye simu za Android, picha iliyopokelewa kwa WhatsApp huitwa hivi:

```
IMG-20240113-WA0007.jpg
```

Ukiona hizo herufi `WA`, unajua picha imeshabanwa njiani. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi upande wake mrefu uwe na pikseli 1600 hivi, ilhali kamera ya simu ya megapikseli 12 huipiga ikiwa na pikseli 4032 kwa 3024. Ikitumwa tena na tena kutoka kundi la familia moja hadi jingine, inaweza kubanwa zaidi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: "Mama, hii picha nani aliipiga?" Usiulize kama ana picha nzuri zaidi, maana atakwambia hana. Muulize mpigaji. Mtu akitajwa, picha ya asili huwa ina njia ya kupatikana. Mwombe aitume kama faili, kwa kuchagua `Document` badala ya kuichagua kwenye picha, au alete simu yenyewe uchomeke waya.

Kama picha ipo kwenye karatasi, usiipige kwa simu juu ya meza. Iskani kwa 600 dpi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani hivyo inakupa pikseli 2362 kwa 3543, bila mng'ao wa taa na bila kupinda pembeni.

Mama yule alijibu kwamba picha ilipigwa na kijana wa shemeji yake aliyeko Dodoma. Nikamwomba ampigie palepale mezani. Kijana hakupokea, ikabidi tuendelee na picha tuliyokuwa nayo tukimsubiri.

Onyo: skrinshoti ya picha si picha ya asili, hata kama ina pikseli nyingi. Imechukua ukubwa wa skrini, si undani wa picha.

## Hatua ya 2: Pima pikseli za mtu, si za faili

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanafungua faili, wanaona 1200 kwa 1600, wanaanza hesabu na namba hizo. Lakini mteja hataki faili nzima, anamtaka mtu mmoja aliyemo ndani yake.

Chukua kifaa cha kukatia, zungushia eneo litakalobaki kwenye picha ya mwisho, usome upana na urefu wake. Halafu zungushia kichwa peke yake, kuanzia kidevuni hadi utosini, usome urefu.

Picha ya mama ilikuwa na pikseli 1200 kwa 1600. Marehemu kuanzia kiunoni kwenda juu, nikiweka nafasi kidogo juu ya kichwa, alikuwa na pikseli 533 kwa 800. Kichwa chake kilikuwa na pikseli 200.

Andika namba hizo mbili kwenye daftari, ya eneo na ya kichwa. Ya kichwa ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu mteja atakuhukumu kwa uso. Koti likiwa na ukungu, hakuna atakayelitazama mara mbili. Macho yakiwa na ukungu, kazi imekataliwa.

Kisha tazama picha kwa 100%. Je, ile nukta ndogo ya mwanga ndani ya jicho inaonekana kama nukta, au imekuwa doa? Je, mstari wa kope unaonekana? Faili linaweza kuwa na pikseli nyingi na uso bado ukawa na ukungu, kwa sababu mkono ulitikisika au kamera ililenga mtu wa pembeni. Hesabu ya pikseli inakwambia kiwango cha juu ambacho picha inaweza kufika. Jicho linakwambia kama imefika.

## Hatua ya 3: Geuza pikseli kuwa sentimita

Mteja haelewi pikseli, na hana sababu ya kuzielewa. Anaelewa sentimita. Hesabu ni hii:

```
sentimita = pikseli × 2.54 ÷ pikseli kwa inchi
```

Swali linalobaki ni pikseli ngapi kwa inchi zinatosha, na jibu linategemea umbali wa kutazamia. Jicho zima huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu milimita 0.3 likiwa mita moja, na kwa karibu milimita 0.1 likiwa sentimita 30. Ndiyo maana picha ya kushikwa mkononi inataka pikseli 300 kwa inchi ili iwe safi kabisa, na 200 bado inapendeza. Picha ya ukutani inayotazamwa kwa hatua moja au mbili inaridhisha kwa 100 hadi 150.

Kwa pikseli 800 za marehemu, nikichukua 150 kwa inchi:

```
800 × 2.54 ÷ 150 = 13.5
```

Yaani sentimita kumi na tatu na nusu kwa urefu. Mama alitaka 90.

Sasa fanya hesabu upande wa pili, kwa sababu hiyo ndiyo inayomgusa mteja. Milimita 900 ukizigawa kwa pikseli 800, kila pikseli itakuwa na upana wa milimita 1.1. Ukimwambia mteja "picha ina pikseli 23 kwa inchi", atakutazama tu. Ukiweka kidole kwenye alama ya milimita moja ya rula na kumwambia "kila kitone cha uso wake kitakuwa kipana hivi", anaanza kuelewa.

Kwenye Photoshop unaweza kupata majibu bila kikokotoo. Fungua `Image > Image Size`, ondoa tiki kwenye `Resample`, uandike urefu unaotakiwa kwa sentimita. `Resolution` itabadilika yenyewe ikuonyeshe pikseli kwa inchi. Kwenye GIMP ni `Image > Print Size`. Tahadhari hapo: ukisahau kuondoa tiki ya `Resample`, programu itatunga pikseli mpya, nawe utaona namba nzuri ambayo picha haina.

## Hatua ya 4: Kagua ukingo, maana kazi yote iko pale

Kubadilisha bakigraundi ni kazi ya ukingo. Katikati ya kifua hakuna anayekosea. Sasa tuone kwa nini ukingo wa picha ndogo ni mgumu hata kwa fundi mzuri, kwa sababu usipoelewa hili utajilaumu bure, na mteja atakulaumu pamoja nawe.

Kichwa cha mtu mzima, kidevu hadi utosi, kina sentimita 23 hivi. Kwenye picha yetu kilikuwa na pikseli 200. Kwa hiyo pikseli moja ilikuwa inabeba zaidi kidogo ya milimita moja ya kichwa halisi. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07. Pale pembeni ya kichwa, pikseli moja ilikuwa imebeba nywele zaidi ya kumi pamoja na kipande cha ukuta wa kijani, vyote vimechanganywa kuwa rangi moja. Hakuna brashi itakayovitenganisha, kwa sababu ndani ya faili havipo viwili. Ipo rangi moja tu, si nyeusi ya nywele wala kijani ya ukuta.

Ubanaji wa JPEG unaongeza mambo mawili. Kwanza, unaigawa picha katika visanduku vya pikseli nane kwa nane, na kila kisanduku kinarahisishwa peke yake. Ukikuza picha iliyobanwa sana utaviona kama vigae, hasa shavuni na kwenye ukuta ulio sawa. Pili, mara nyingi rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga: pikseli nne zinagawana taarifa moja ya rangi. Ndiyo maana ukuta wa kijani "unavuja" hadi kwenye sikio na kola nyeupe.

Kuza picha hadi 300% na upitie sehemu hizi, ukiandika utakachokiona:

Nywele. Nywele fupi zilizonyolewa hukatika vizuri hata kwenye picha ndogo. Afro, rasta na nywele zilizotimuka hazikatiki. Utapata ama mzunguko wa rangi ya zamani, ama kichwa kilicholainishwa kama kofia.

Miwani. Kupitia kioo unaona bakigraundi ya zamani. Ukiiacha, ukuta wa kijani utabaki ndani ya miwani huku nyuma kuna anga.

Shela, mtandio mwepesi, nyuzi za pembeni. Kitambaa kinachopitisha mwanga kimeshachanganyika na kilicho nyuma yake. Kwenye picha kubwa unaweza kukitengeneza. Kwenye ndogo, mwambie mteja mapema kwamba kitakuwa kizito, hakitapitisha mwanga tena.

Mikono na mabega ya watu wengine. Kama bega la mtu limefunikwa na mkono wa jirani, nyuma ya mkono huo hakuna kitu kwenye faili. Ukiutoa mkono, itabidi bega lichorwe.

Marehemu alikuwa amevaa kofia ya baraghashia, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa: ukingo wa kofia umenyooka, hauna nywele. Lakini bega lake la kushoto lilikuwa chini ya mkono wa ndugu yake, na masikio yote mawili yalikuwa na ukungu wa kijani.

## Hatua ya 5: Tengeneza ushahidi wa karatasi

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi, na ndiyo wanayoiruka wengi. Maneno hayamshawishi mteja aliyeiona picha ikiwa nzuri kwenye simu. Karatasi inamshawishi.

Usichape picha nzima ikiwa ndogo. Chapa kipande cha picha kikiwa na ukubwa halisi wa kazi ya mwisho. A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Kwa picha ya urefu wa sentimita 90 yenye pikseli 800, karatasi ya A4 inaenea pikseli 187 kwa 264 tu. Nilikata eneo hilo usoni, nikaondoa tiki ya `Resample`, nikaandika upana wa sentimita 21, nikachapa.

Uso ulijaa karatasi. Kwa 60 kwa 90, uso wa marehemu ungekuwa na ukubwa wa uso wa mtu aliye hai, na karatasi ile ilionyesha hivyo: jicho lilikuwa doa la kahawia lenye ngazi pembeni, mstari wa mdomo umepotea, shavuni vigae.

Kisha nikachapa karatasi ya pili, eneo lilelile la kiunoni kwenda juu, safari hii kwa sentimita 9 kwa 13.5. Uso ukarudi kuwa uso.

Ziweke zote mbili mezani, na usiseme kitu kwa muda. Mama aliitazama ile kubwa, akaishika, akaisogeza mbali, akairudisha. Akasema, "Mwanangu, hapa siye." Mteja akishayasema hayo kwa mdomo wake, kazi yako inakuwa kumsaidia kuchagua, na humbishii tena.

Onyo la utu: picha ya marehemu usiikuze ovyo mbele ya familia bila kuwaandaa. Mwambie kwanza, "Mama, nitachapa kipande kidogo kikubwa ili uone karatasi itakavyotoka. Hakitapendeza, ni cha kupimia tu." Na ukimaliza, mkabidhi karatasi hiyo au iweke bahasha. Usiitupe kwenye pipa akiona.

## Hatua ya 6: Mweleze kwa maneno yake

Sasa ndipo unaongea. Gawa maelezo katika mafungu mawili, na uanze na yanayowezekana, kwa sababu mteja amekuja na matumaini na hana haja ya kuanza na kukataliwa.

Yanayowezekana, hata kwa picha ndogo:

"Ukuta utaondoka, na watu wengine wataondoka. Nitaweka rangi tulivu au mandhari laini nyuma yake. Rangi ya ngozi nitaisawazisha, kivuli cha usoni nitakipunguza. Kwa ukubwa wa picha ya mezani, itapendeza."

Yasiyowezekana:

"Uso hautakuwa mkali kuliko ulivyo sasa. Nywele moja moja hazitaonekana. Bega lililofunikwa nitalichora, halitakuwa bega lake hasa. Na kadiri tunavyoikuza picha, ndivyo uso utakavyopotea."

Maswali matatu utaulizwa karibu kila mara, na ni vizuri majibu yawe tayari.

*"Si mnaikuza tu kwenye kompyuta?"* Jibu: ukiwa na unga wa chapati tano ukasukuma chapati moja kubwa, chapati inakuwa kubwa lakini unga ni uleule, na katikati inakuwa nyembamba. Programu ikikuza picha kwa njia ya kawaida, inachukua pikseli mbili zilizopo na kuweka katikati yake rangi iliyo kati ya hizo mbili. Ukubwa unaongezeka, taarifa haiongezeki.

*"Kuna programu zinazosafisha, nimeona mtandaoni."* Zipo, na usikane, maana atakuona mwongo. Mweleze zinachofanya: zinapokosa kope, zinachora kope za mtu yeyote, zinapokosa meno, zinachora meno. Kwa kiatu au gari la kuuza si tatizo kubwa. Kwa uso wa baba wa watu, watoto wake watasimama mbele ya picha na kusema anafanana na baba lakini si baba. Kichwa kikiwa chini ya pikseli 100 mimi situmii programu hizo usoni hata nikiombwa. Kikiwa na 200 kama hiki, naweza kujaribu, lakini aliyemfahamu marehemu lazima akae pembeni yangu aseme.

*"Mbona kwenye simu inaonekana safi?"* Chukua rula, upime uso wake kwenye simu. Kwenye simu ya mama, uso ulikuwa na sentimita 2. Kwenye bango ungekuwa na 22.

Epuka kusema "picha yako mbaya". Picha hiyo huenda ndiyo ya mwisho ya mtu wake. Sema "picha hii ni ndogo", maana udogo ni kipimo, hauna lawama.

## Hatua ya 7: Chagua bakigraundi ambayo picha inaweza kuibeba

Mteja akikubali ukubwa, bado bakigraundi inaweza kuharibu kila kitu. Sheria ninayoifuata ni moja: kilicho nyuma kisiwe kikali kuliko mtu. Jicho la mtazamaji linalinganisha. Majani yakionekana moja moja na uso ukawa na ukungu, ubongo unasema mtu kabandikwa, hata kama hajui kwa nini.

Kwa picha ndogo, chaguo salama ni rangi moja tulivu inayofifia kuelekea pembeni. Chaguo la pili ni mandhari iliyotiwa ukungu. Kwenye Photoshop, kwa faili lenye urefu wa pikseli 800, `Filter > Blur > Gaussian Blur` yenye `Radius` ya 6 hadi 10 huleta ukungu unaofanana na wa lenzi. Halafu tia punje kidogo: `Filter > Noise > Add Noise`, asilimia 2 au 3, ukiweka tiki kwenye `Monochromatic`. Picha ya simu ina punje za asili. Bakigraundi isiyo na punje inaonekana kama plastiki.

Kuna hila moja inayosaidia kuliko zote, nayo ni kuchagua rangi mpya iliyo karibu na ya zamani. Ukuta wa marehemu ulikuwa kijani, na masikio yalikuwa na kijani. Nikimweka mbele ya anga ya bluu, kile kijani kitapiga kelele. Nikimweka mbele ya bustani yenye kijani laini iliyotiwa ukungu, mabaki yale yanaonekana kama mwanga wa majani. Nilimweleza mama hivyo, akaiacha anga bila kinyongo.

Mwanga pia uangalie. Taa ya ukumbini ilikuwa inatoka juu kushoto. Bustani yenye jua la kulia isingekubali.

Wakati wa kukata, tumia `Select and Mask`. Kwenye picha ndogo `Feather` isizidi pikseli 1, na `Shift Edge` irudishe ndani kwa asilimia 10 hadi 20 ili ule ukingo uliochanganyika ubaki nje. `Decontaminate Colors` jaribu kwa uangalifu: kwenye picha iliyobanwa huacha mabaka masikioni.

Utajua umefaulu ukiitazama kwa 100% kwa sekunde tatu na jicho lako likaenda machoni mwa mtu, si kwenye ukingo wa bega.

## Hatua ya 8: Andika

Andika kwenye daftari la oda, kwa Kiswahili cha kawaida, mteja asome na kutia sahihi. Yangu ilisomeka hivi: "Picha ya WhatsApp, kichwa pikseli 200. Bakigraundi ya bustani yenye ukungu. Bega la kushoto litachorwa. Ukubwa usizidi sentimita 13.5 kwa faili hili. Faili la asili likipatikana, ukubwa utapimwa upya. Mteja ameona sampuli mbili za karatasi." Ambatisha sampuli ndogo. Chukua advansi baada ya sahihi, si kabla.

## Mteja akisisitiza ukubwa uleule

Wapo watakaosema, "Wewe chapa tu, lawama ni zangu." Usikubali kirahisi, kwa sababu bango litasimama mbele ya watu mia na jina la studio yako. Kabla ya kukataa, toa njia hii: ubao unabaki na ukubwa wake, ila uso unapungua. Kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 90, weka picha ndogo katikati ndani ya fremu iliyochorwa, jina kwa herufi kubwa juu, tarehe chini, rangi tulivu kuzunguka. Herufi na rangi unazitengeneza wewe, kwa hiyo zitakuwa kali kwa ukubwa wowote. Mteja anapata kitu kikubwa cha kusimamisha mlangoni, na uso haupasuki.

Picha ikiwa ya kutazamwa kwa mbali kweli, kama bango la juu ya barabara, mambo ni mengine: pikseli ya milimita 1.1 haionekani vizuri ukiwa mita nne. Lakini bango la msiba halitazamwi kwa mita nne. Watu wanalisogelea, wanaligusa, wanapiga nalo picha.

## Kazi ya mama ilivyokwisha

Siku ya pili yule kijana wa Dodoma alipokea simu, akatuma faili kama `Document`. Pikseli 3024 kwa 4032. Nilipima upya: kichwa 504, eneo la kiunoni kwenda juu pikseli 2016 kwa urefu. Kwa sentimita 90 ingekuwa pikseli 57 kwa inchi, inayohitaji mtu asimame mita moja na nusu. Kwa A3, ambayo ina urefu wa sentimita 42, ilikuwa karibu 122 kwa inchi, na hiyo inatosha kwa picha ya ukutani.

Nilichapa tena vipande viwili vya ukubwa halisi, kimoja cha 90 na kimoja cha A3, nikamwachia mama achague. Alichagua A3 katikati ya ubao wa 60 kwa 90, jina juu, tarehe mbili chini. Bega la kushoto nililichora kwa kunakili na kugeuza la kulia, na mwanawe mkubwa alikaa pembeni yangu akaniambia baba alikuwa akiliinamisha kidogo, nikalishusha. Ukungu wa kijani kwenye sikio la kulia ulibaki kidogo. Nilimwonyesha mama kabla ya kuchapa, akaweka kidole juu yake kwenye skrini, akasema uachwe.